Faili Limekamilika Lini?

Studio ya redio inarekodi kipindi cha saa moja kwa WAV. Sauti ya stirio ya biti 16, inayopimwa mara 48,000 kwa sekunde, huzaa faili la megabaiti 691 hivi. Mhariri aliye mji mwingine analingoja kwenye S3, hifadhi ya mtandaoni ya Amazon. Kazi ya kulipeleka inaweza kuachiwa programu ndogo ya Rust inayochunga folda ya rekodi na kupakia kila faili jipya.

Anayeanza huandika programu inayopakia mara tu Linux inapotangaza kuwa faili limeundwa. Kosa liko hapo. Tangazo hilo hutoka pale kinasa sauti kinapolifungua faili, kipindi hakijarekodiwa. Kinachofika mtandaoni ni faili tupu au kipande cha sekunde chache, na programu inaripoti kuwa imefaulu, kwa sababu kweli imepakia chote ilichokikuta. Kulijua ni rahisi: linganisha ukubwa unaoonyeshwa na `ls -l` studioni na ule wa `aws s3 ls`.

Tangazo la kungojea ni jingine, la kwamba aliyekuwa akiandika amefunga faili. Maktaba ya Rust iitwayo `notify` hulipokea kutoka Linux, nasi tunalichuja hivi:

```rust
if tukio.kind == EventKind::Access(
    AccessKind::Close(AccessMode::Write)) {
    pakia(&tukio.paths);
}
```

Hilo pekee halitoshi. Faili likihamishwa kwa `mv` kutoka folda nyingine ya diski ileile, hakuna anayeliandika upya. Hubadilishwa mahali tu, na tangazo lake ni la kubadilishwa jina. Hilo nalo lisikilizwe. Kwenye Mac, ambako `notify` kwa kawaida haipati tangazo la kufunga, hubaki kungoja ukubwa utulie kwa muda, njia ninayoiona dhaifu: kinasa kikisitishwa kidogo, programu hudhani kazi imekwisha.

Umeme ukikatika, matangazo ya kipindi hicho hayatunzwi popote. Kwa hiyo programu ikiwaka ianze kusikiliza kwanza, ndipo ipitie folda nzima na kulinganisha na kilichopo S3. Mpangilio huo ni muhimu. Ukiugeuza, faili linalofungwa katikati ya hatua hizo mbili halionwi na yeyote. Faili ambalo bado linaandikwa wakati wa kupitia litapakiwa nusu, lakini likifungwa litapakiwa tena kwa jina lilelile na kuifuta nusu hiyo.

Mtandao ukikatika, alama ya `?` ya Rust ndani ya `main` huizima programu nzima. Kwenye upakiaji tumia `match`: kosa liandikwe, faili lirudi kwenye foleni, na muda wa kungoja uongezwe kila jaribio. Kurudia hakudhuru kitu, maana upakiaji uliokatika njiani hauachi faili nusu S3. Jina huonekana pale tu baiti zote zinapofika.