Mkopo Usioujua Uliochukuliwa kwa Jina Lako

Nchini Kenya, mtu hugundua mkopo wa namna hii siku anayonyimwa wake. Chukua mfano wa mwalimu anayeomba mkopo benki, akaambiwa ameorodheshwa CRB kwa deni la shilingi 8,400 la programu ya mikopo ya simu ambayo hajawahi kuitumia. Mtu mwingine alishika namba ya kitambulisho chake, akasajili laini kwa jina lake, akakopa na kutoweka.

Ushauri anaopewa kwanza na wengi ni alipe tu, deni lenyewe ni dogo. Ushauri huo ni mbaya. Anayelipa huonekana amekubali kwamba deni ni lake, na kulipa hakufuti rekodi: inabaki kuonyesha kwamba alichelewa kulipa, na inaweza kukaa hadi miaka 5. Anachokihitaji ni rekodi kusahihishwa, na njia ya kusahihisha ni tofauti na ya kulipa.

Aanze kwa kuchukua ripoti yake ya mikopo. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya kutunza taarifa hizi ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Katika ripoti atafute jina la mkopeshaji, tarehe ya mkopo na kiasi. Kisha abonyeze *106# kwenye simu yake ya Safaricom ili aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta namba asiyoijua, ameshapata ushahidi, na aombe ifungwe.

Baada ya hapo aende kituo cha polisi, apewe namba ya OB, kisha amwandikie mkopeshaji barua akikana deni na kudai aonyeshwe fedha zilitumwa kwenye namba gani. Swali hilo ndilo uti wa mgongo wa malalamiko yote. Fedha zikiwa zilikwenda kwenye laini isiyo yake, mkopeshaji hana pa kushikilia. Zikiwa zilifika kwenye simu yake mwenyewe, kwa mfano ndugu aliyeijua namba yake ya siri alikopa na kuzitoa, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu kwa mkopeshaji namba ya siri ni sawa na saini.

Nakala ya barua na namba ya OB azipeleke kwa kampuni iliyotoa ripoti, akipinga taarifa hiyo kwa maandishi. Kampuni inapaswa kuichunguza pamoja na mkopeshaji. Mkopeshaji akikaa kimya, malalamiko yaende Benki Kuu. Na kwa kuwa taarifa zake binafsi zilitumiwa bila idhini, anaweza pia kumlalamikia Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019.

Mkopeshaji akikubali kosa, mwalimu adai barua ya kumwondolea deni, halafu achukue ripoti mpya kutoka kampuni zote tatu, kwa kuwa kila moja ina kumbukumbu zake na deni lililofutwa kwa moja laweza kuwa bado limebaki kwa nyingine.