Kobe Anayeburuta Gamba Lake

Mwaka 1986, mwandishi wa Kanada, Paulette Bourgeois, alichapisha hadithi ya Franklin, kobe mdogo anayeogopa giza. Kinachomtisha ni gamba lake mwenyewe: ndani ni finyu na hamna mwanga, basi analiburuta nyuma yake kwa kamba.

Anatoka kutafuta msaada. Bata anamwambia huogopa maji marefu, simba huogopa makelele, ndege huogopa kuruka juu sana, na dubu huogopa baridi kali. Kila anapokutana na mnyama mambo hujirudia vilevile, hivyo mtoto anayesomewa huanza kubashiri kinachofuata.

Nyumbani, mama naye anakiri aliogopa kwamba mwanawe amepotea. Usiku Franklin anaingia gambani, lakini anawasha taa ndogo. Bourgeois hakumgeuza ghafla kuwa shujaa.