"Umefika Lini?" Kwa Kiingereza

Ukiwa mgeni Chiungutwa, ukishaamkiana na wenyeji, swali linalofuata ni moja: "Umefika lini?" Nawe unajibu, "Nimefika jana jioni." Hakuna Mswahili atakayekunja uso. Lakini mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili ayaandike mazungumzo hayo hayo kwa Kiingereza, ataandika "When have you arrived?" na jibu lake "I have arrived yesterday evening." Tahajia ni sahihi, kitenzi kisaidizi kipo, kitenzi kikuu kimegeuzwa vizuri. Hata hivyo sentensi zote mbili zitapigwa mkasi.

Nimesahihisha madaftari ya Kiingereza katika shule za Masasi na Newala kwa miaka mingi, na kosa hili limenipita mkononi kuliko jingine lolote la nyakati. Lililonifanya nilifikirie upya lilikuwa kwenye insha fupi ya kijana mmoja, iliyoandikwa msimu wa korosho. Aliandika hivi: "My father has sold his cashew nuts last week." Nilizungushia duara "has sold", juu yake nikaandika "sold", nikaendelea na daftari linalofuata. Kesho yake kijana alinifuata mlangoni na daftari lake.

"Shikamoo mwalimu. Hapa sijaelewa. Korosho zimeshauzwa mnadani, ila fedha baba bado hajapata, ziko njiani. Si ulitufundisha kwamba jambo ambalo bado lina uzito hadi sasa tunatumia 'has'?"

Alikuwa na hoja. Ndivyo nilivyofundisha, na ndivyo vitabu vingi vya shule vinavyosema: hali timilifu ni ya tendo lililokwisha ambalo matokeo yake yapo sasa. Kwa kanuni hiyo peke yake, sentensi yake ilistahili vema. Kanuni ilikuwa pungufu, na upungufu huo ni wa mwalimu.

Tuuangalie hapa. Mwaka 1947 mwanafalsafa Hans Reichenbach alichapisha kitabu cha mantiki ambamo alipendekeza kwamba kila wakati wa kitenzi upimwe kwa nukta tatu: pale tendo lilipotokea, pale msemaji anapozungumza, na nukta ya tatu ambayo watu huisahau, pale msemaji anaposimama ili kulitazama tendo. Hiyo ya tatu ndiyo ufunguo. Anayesema "My father sold" ameirudisha akili yake hadi siku ya mauzo na analitazama tendo akiwa hapo hapo. Anayesema "My father has sold" amesimama leo, anatazama nyuma. Tendo ni lile lile, korosho ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mtazamaji.

Sasa weka "last week" mwishoni. Katika sentensi kuu ya Kiingereza, neno la wakati kama hilo halikubali kulieleza tendo peke yake. Linamvuta na mtazamaji. "Has" inamshika abaki leo, "last week" inamvuta arudi wiki iliyopita. Hawezi kusimama pawili, na hapo ndipo sentensi inapokatika.

Kiswahili hakina mvutano huo. "Baba ameuza korosho wiki iliyopita" inamwacha mtazamaji leo, akiyaona matokeo, na "wiki iliyopita" inakwenda kukaa kwenye tendo bila kumsumbua. Ndiyo maana "nimefika jana" inasema mambo mawili kwa pumzi moja: kufika kulikuwa jana, na mimi huyu bado niko hapa. Ukisema "nilifika jana", sehemu ya pili haimo tena. Huenda uko hapa, huenda umeshaondoka na kurudi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "I have arrived yesterday" hakukurupuka. Ametafuta mlango ambao lugha yake inao, na Kiingereza hakikuujenga mlango huo.

Je, Kiingereza kina sababu ya kimantiki ya kukataa? Hapa ni vema tuwaambie vijana ukweli. Mjerumani husema "Ich habe ihn gestern gesehen", neno kwa neno "nina yeye jana kuonwa", na ni Kijerumani safi. Mfaransa naye husema "Je l'ai vu hier". Zamani Wafaransa walikuwa na mpaka wao: sarufi mashuhuri ya Port-Royal ya mwaka 1660 ilitaka umbo hili litumike kwa mambo ya siku hiyo hiyo, na yaliyotangulia yaende kwenye wakati mwingine. Mpaka huo ulifutika. Hata Kiingereza cha karne kadhaa zilizopita kilikuwa kikichanganya hali timilifu na maneno kama "jana", kisha kikaachana na mazoea hayo. Wanaisimu wenyewe hawajaafikiana ni nini hasa kinachozuia. Mwaka 1992 Wolfgang Klein alipoandika makala juu ya jambo hili aliliita fumbo tangu kwenye kichwa cha habari. Kosa la kijana wangu, basi, halikuwa kosa la akili. Ni desturi ya lugha moja, na mtihani unapima desturi hiyo.

Mfano wa nyumbani unasaidia. Hayati Rais Benjamin Mkapa alikuwa mzaliwa wa Lupaso, wilayani Masasi, na alihitimu shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962. Habari za kifo chake zilipotangazwa Julai 24, 2020, mtangazaji wa Kiingereza angesema sawasawa "Benjamin Mkapa has died." Ni habari mpya, haina tarehe ndani yake, na mtazamaji amesimama kwenye siku ile ile. Ukiiandika leo katika insha ya historia, unaandika "Mkapa died in 2020." Ukiandika "has died in 2020" umefanya kosa la korosho. Na sikiliza Kiswahili chenyewe kinavyofanya hapa. Siku ile watu waliambizana "Mzee Mkapa amefariki usiku," na sentensi hiyo haikuwa na ila. Leo ukisema "Mkapa amefariki mwaka 2020", sikio linasita na kutaka "alifariki". Kumbe "-me-" yetu nayo haifungui kila mlango. Kadiri tendo linavyosogea mbali na leo ndivyo "-li-" inavyodai nafasi yake. Tofauti ni kwamba sisi mpaka wetu umechorwa kwa mkono mlegevu, na Kiingereza kimeuchora kwa rula.

Rula hiyo imewekwa wapi? Wanafunzi hukariri orodha: "yesterday", "last year", "ago", "in 2020", na neno la kuulizia "when". Orodha inafaa, lakini kuna maneno ambayo hayakai upande mmoja. Chukua "this morning". Saa nne asubuhi mwalimu akiuliza nani yupo, unaweza kusema "I have seen Asha this morning," kwa sababu asubuhi ingali inaendelea na mtazamaji hajalazimika kutoka humo. Saa kumi jioni asubuhi ile imefungwa, kwa hiyo ni "I saw Asha this morning." Neno halikubadilika, jua ndilo lililohama. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni kuuliza: kipindi kinachotajwa, je, sasa hivi mimi nimo ndani yake? Nikiwa ndani, kama "today", "this week" au "since 2019", hali timilifu inakubalika. Nikiwa nimeshatoka, hata kama ni juzi tu, haikubaliki. Swali la "when" nalo linaanguka upande huo huo, kwa kuwa linadai nukta iliyopita, na ndiyo sababu "Umefika lini?" lazima iwe "When did you arrive?"

Kuna mtego unaowanasa hasa wanafunzi wazuri. Wakishaishika kanuni huanza kuitumia kila wanapoona "have" karibu na "yesterday". Nimewahi kuona mwanafunzi wa kidato cha nne akifuta "He must have left yesterday" na kuandika "He must left yesterday." Ile ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa. Baada ya "must", "should", "may" na wenzao, kitenzi hakiwezi kuvaa umbo la wakati uliopita, kwa hiyo "have" hubebeshwa kazi hiyo ya kusema tendo lilipita. Haimshiki mtazamaji leo, na "yesterday" haina wa kugombana naye. Vivyo hivyo "having arrived yesterday", na vivyo hivyo "had": "She had arrived the day before" haina kosa. Katazo linaihusu "have" au "has" iliyobeba wakati uliopo yenyewe, mwanzoni mwa kundi la kitenzi, na si nyingine.

Mwanafunzi anayesikiliza mpira redioni anaweza pia kuniletea ushahidi wa wenye lugha wenyewe. Ni kweli, wachambuzi wa soka wa Uingereza na watu wa Australia wanaposimulia tukio kwa mdomo mara nyingine huchanganya hali timilifu na maneno kama "yesterday". Mazoea hayo yanasikika na yamechunguzwa na wanaisimu. Kwenye karatasi ya mtihani hayakubaliki, na ni vema kijana alijue hilo kabla hajaingia chumba cha mtihani.

Nirudi kwa kijana wa korosho, kwa sababu duara langu jekundu lilimdhulumu kidogo. Nilipoandika "sold" niliiokoa sarufi nikaitupa nusu ya maana. "My father sold his cashew nuts last week" inasomeka kama jambo lililokwisha kabisa, ilhali nyumbani kwao lilikuwa halijakwisha: ada ilikuwa inasubiri, na kila gari lililotoka mjini lilitazamwa. Alichokuwa akihitaji si kubadilishiwa kitenzi. Alihitaji kuonyeshwa kwamba mzigo ambao Kiswahili hubeba kwa sentensi moja, Kiingereza hubeba kwa mbili, ya kwanza ikisimama leo na ya pili ikirudi kwenye siku yenyewe.

Tulikaa kwenye benchi nje ya darasa tukaandika pamoja. Sentensi ya kwanza aliiandika upesi, akiacha wakati nje: "My father has sold his cashew nuts." Akatulia. Ya pili akaianza na "He", akaandika "has", akaikata mwenyewe kabla sijasema neno, kisha akamalizia: "He sold them last week." Akaniuliza kama fedha nazo zinaingia. Nikamwambia aziingize, kwa kuwa hizo zingali za leo. Chini yake akaandika: "The money has not come yet."