Pindua Sahani, Tazama Kitako

Katika karne ya 18, mafundi wa China walitengeneza sahani za kaure zenye nembo za koo za Ulaya. Baadaye karakana ya Samson ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1845, ikaziiga. Ili kuzitofautisha, pindua sahani. Ya China mara nyingi ina ukingo wa kitako usio na utando wa kioo, na pale utando unapoishia pana mstari wa rangi ya kutu, unaotokana na chuma kilichomo udongoni. Utando wake huelekea buluu au kijivu, wenye vitobo vidogo. Nakala ya Paris kwa kawaida ni nyeupe zaidi, laini, na michoro yake imekazwa mno. Kutu inayofutika kwa kitambaa imepakwa.