Ukubwa wa Dau Ndio Unaoamua

Victor Haghani na Richard Dewey, watu wa masuala ya uwekezaji, waliwahi kuwapa watu 61 dola 25 kila mmoja na kuwaruhusu kubeti kwa nusu saa kwenye sarafu ya kompyuta. Matokeo yake waliyatoa mwaka 2016. Wengi wa wachezaji walikuwa wanafunzi wa fedha na uchumi au vijana wa kampuni za fedha, na waliambiwa wazi kwamba sarafu hiyo ina uwezekano wa asilimia 60 wa kuangukia kichwa. Ukipatia, unalipwa sawa na dau lako. Ukikosea, dau linakwenda. Karibu asilimia 28 yao walifilisika.

Mchezo ulikuwa upande wao, na bado walimaliza mtaji. Tatizo lilikuwa kiasi cha pesa walichoweka kila mara.

Tuchukue dola 25 hizo na kurusha sarafu mara kumi, ushinde sita na kupoteza nne, kama uwezekano unavyoelekeza. Mchezaji wa kwanza anaweka kila mara moja ya tano ya pesa alizonazo. Akishinda, mtaji wake unazidishwa kwa 1.2, akipoteza, unazidishwa kwa 0.8. Mwishowe ana kama dola 30.60. Wa pili ana tamaa zaidi, anaweka nusu. Akishinda anazidisha kwa 1.5, akipoteza anabaki na nusu. Kwa ushindi ule ule sita na hasara zile zile nne, anamaliza na dola 17.80. Ameshinda mara nyingi kuliko alivyopoteza, na bado ameingia hasara.

Sababu ni kwamba mtaji unaorudishwa mchezoni haukui kwa kujumlisha, unakua kwa kuzidisha. Ukipoteza nusu ya pesa zako, ushindi unaofuata wa asilimia 50 haukurudishi ulipokuwa. Unakufikisha kwenye robo tatu tu. Kadiri dau linavyokuwa kubwa, ndivyo kila hasara inavyohitaji ushindi mwingi zaidi kuifidia.

Swali la dau lipi linakuza mtaji kwa kasi kubwa kuliko yote lilijibiwa mwaka 1956 na John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani. Pale malipo yanapolingana na dau, jibu lake ni jepesi: toa uwezekano wa kupoteza kutoka kwenye uwezekano wa kushinda. Kwa sarafu yetu, 0.6 kutoa 0.4 ni 0.2, yaani moja ya tano ya mtaji. Kwa dau hilo mtaji unatarajiwa kukua kwa takribani asilimia 2 kila sarafu inaporushwa. Ukiweka asilimia 40, kasi inashuka hadi chini kidogo ya sifuri. Ukipita hapo, kadiri unavyocheza ndivyo unavyozama.

Mtu anaweza kupinga kwamba kwa wastani anayeweka pesa zote kila mara ndiye anayepata zaidi. Hesabu hiyo ni kweli, lakini wastani huo unabebwa na wachache mno: uwezekano wa kushinda mara kumi mfululizo kwa sarafu hii haufiki asilimia 1. Wengine wote wanabaki bila senti.

Ugumu halisi ni kwamba nje ya jaribio hakuna anayekutajia uwezekano. Unaukadiria mwenyewe, na kukadiria kupita kiasi kunaadhibiwa vikali. Ukidhani ni asilimia 60 kumbe ni 55, dau lako la moja ya tano ni mara mbili ya linalofaa, na ukuaji wote unapotea. Ndiyo maana wengi wanaoitumia kanuni hii huweka nusu ya dau inalopendekeza. Kwa sarafu yetu, dau la asilimia 10 linakupa robo tatu ya kasi ile, huku mtaji ukiyumba kiasi cha nusu tu.

Malipo yasipolingana na dau, gawanya kwanza uwezekano wa kupoteza kwa faida ya kila shilingi uliyoweka, kisha toa jibu kwenye uwezekano wa kushinda. Tuseme kampuni ya kubeti inalipa 1.90 kwa jambo lenye uwezekano wa nusu kwa nusu. Faida kwa kila shilingi ni senti 90. Gawanya 0.5 kwa 0.9, upate 0.56, ukiitoa kwenye 0.5 jibu linakuwa chini ya sifuri. Kanuni ya Kelly hapo haikuambii uweke kidogo, inakuambia usiweke kabisa. Kwa hiyo kabla ya kujaza mkeka, fanya hesabu hiyo moja. Jibu likiwa hasi, hakuna dau dogo wala kubwa litakalokukuzia mtaji.