Vipimo viwili katika karatasi moja ya dawa

Mfasiri amepewa karatasi ya maelezo ya dawa ya maji ya parasetamoli. Ukurasa wa 2 unasema mtoto wa miaka 3 apewe mililita 5. Jedwali la ukurasa wa 4 linasema 15. Hata akihisi kipi ni sahihi, asichague. Kipimo ni dhamana ya mtengenezaji, na kosa likisahihishwa kimyakimya kwenye Kiswahili, litabaki kwenye Kiingereza na kuwadhuru wengine.

Anafasiri namba zote mbili kama zilivyo, anazipaka rangi, kisha anamwandikia mteja siku hiyohiyo, bila kungoja siku ya kukabidhi kazi: “Ukurasa wa 2, mstari wa 6: mililita 5. Ukurasa wa 4, jedwali: mililita 15. Tafadhali thibitisheni kipi ni sahihi. Nimeacha zote mbili. Karatasi isichapwe kabla ya jibu.” Swali la namna hii hujibiwa haraka kuliko malalamiko kwamba matini ina makosa.

Herufi iliyorukwa katika neno la kawaida aiandike sawasawa, kisha amjulishe mteja. Lakini katika cheti cha kuzaliwa, hata jina lililokosewa hunakiliwa lilivyo, na maelezo ya mfasiri huwekwa kwenye mabano ya mraba.