Kevo, Keateka na Kodi ya Nyumba: Kuandika Vichekesho kwa Lugha ya Vijana wa Nairobi

Panda matatu ya kwenda Roysambu jioni, uketi nyuma ya vijana wawili wanaosimuliana mambo ya siku. Utasikia mmoja akisema, “Nimemteksti tangu asubuhi, hajariplai, sasa naona ni kama ameniblok.” Mwenzake anajibu, “Usipaniki, pengine yuko bize.” Hakuna anayecheka wala kushangaa. Kwa vijana hao mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza ndiyo lugha ya kawaida, na hapo ndipo waandishi wengi wa vichekesho wanapokwama. Wanadhani kuchanganya lugha kwenyewe kunachekesha, basi wanamwaga Kiingereza kila mstari na kungoja kicheko ambacho hakiji.

Mtaalamu wa isimu Carol Myers-Scotton, aliyefanya utafiti wake nchini Kenya, alichapisha mwaka 1993 vitabu viwili kuhusu jambo hili, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka katika mazungumzo ya watu wa Nairobi. Mambo mawili aliyoyaeleza yanamfaa sana mwandishi wa mswada. La kwanza ni kwamba katika sentensi iliyochanganywa, lugha moja hubeba na nyingine hubebwa. Tazama “hajariplai”. Kiambishi cha kukanusha, nafsi na wakati vyote ni vya Kiswahili, na Kiingereza kimetoa kitenzi tu. Kitenzi hicho nacho hakigeuki mwishoni. Kijana atasema “mwambie akuriplai”, wala hatasema “akuriplae”, ingawa Kiswahili kingemtaka aseme “akujibu” na “akuite”, kila kitenzi kwa kanuni yake. Vilevile hutasikia mtu akisema “ai nimechoka”, kwa sababu nafsi ya Kiingereza haikai juu ya kitenzi cha Kiswahili. Atasema “nimechoka”, au “niko tayad”, au atahamia Kiingereza kizima.

La pili ndilo lenye mali kwa mchekeshaji. Kila mazungumzo yana lugha ambayo wasemaji wanaitarajia. Mtu akishika lugha hiyo, hakuna anayemsikiliza mara mbili. Akiiacha ghafla, kila mtu anajua kuna jambo: amekasirika, anajikweza, anajificha, au anataka kumweka mwenzake mbali. Kwa vijana wa Nairobi lugha inayotarajiwa ni mchanganyiko wenyewe. Kwa hiyo kicheko hakipo katika kuchanganya. Kipo pale mhusika anapoacha kuchanganya, akakimbilia Kiingereza cha ofisini au Kiswahili cha heshima, na sisi watazamaji tukajua anakimbia nini.

Tuchukue tukio moja. Kevo ana miaka ishirini na minne, anaishi bedsita, na hajalipa kodi ya mwezi uliopita. Shiro, msichana anayemchumbia, amemtembelea kwa mara ya kwanza. Keateka wa ploti anabisha mlango. Maneno ya Kiingereza nimeyaandika kama yanavyotamkwa, ili sauti ya kila mhusika isikike. Mwandishi anayeanza huandika hivi:

KEVO: Hai, keateka. Ai em so sori, mimi nilifoget kulipa renti yangu bikoz mani yangu haijafika, so plizi nipe taim kidogo.

Msome kwa sauti. Hakuna kanuni kubwa ya sarufi iliyovunjwa, lakini hakuna mtu anayesema hivyo. Kiingereza kimenyunyizwa kila baada ya maneno mawili bila sababu. “Mani yangu” haisikiki mtaani, maana pesa ina majina mengi ya Kisheng na ya Kiswahili, na kijana hahitaji kukopa jina jingine. Halafu Kevo hajasogea popote. Anaanza mnyonge na kumaliza mnyonge, kwa hiyo hana mahali pa kuanguka. Sasa tumpe mahali pa kuanguka.

KEVO (kwa Shiro, akitabasamu): Usijali, huyo ni keateka. Hukuja tu kunisalimia.

KEATEKA (nje): Kevo! Hiyo kodi ya mwezi jana!

KEVO (anafungua mlango nusu): Gud ivning, sa. Ken wi diskas dhis tumoro?

KEATEKA: Kijana yangu, tulidiskas jana. Na juzi.

KEVO: Ekchuali, dhe pement iz biing prosesd. Ni vile sistim ya benki iko daun.

KEATEKA: Benki gani? Si wewe hulipa kwa M-Pesa?

SHIRO (kutoka ndani): Kevo, si uliniambia hii ploti ni ya baba yako?

KEVO (sauti chini): Mzee wangu, tafadhali. Niongezee siku mbili.

KEATEKA (anamtazama, polepole): Rikwest iz biing prosesd.

(Anaondoka. Taa zinazimika.)

Fuata safari ya Kevo. Akiwa na Shiro anaongea kama anavyoongea siku zote. Mlango unapofunguka anaruka hadi Kiingereza cha benki. Ruko hilo halikuwekwa kwa ajili ya keateka, ambaye anamjua vizuri. Limewekwa kwa ajili ya Shiro aliye nyuma yake, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa. Kisha Kiingereza kinaanza kumwishia. Katika mstari wa “pement” anaanza kwa sentensi kamili, halafu uongo unapohitaji maelezo analegea na kurudi kwenye mchanganyiko: “ni vile sistim ya benki iko daun”. Hiyo ni dalili ya mtu anayezama. Baada ya maneno ya Shiro anatua kabisa kwenye Kiswahili kitupu chenye “mzee wangu” na “tafadhali”, maneno ambayo angeanza nayo kama asingekuwa na mgeni.

Keateka naye ana safari yake, fupi zaidi. Anashika Kiswahili muda wote, isipokuwa anapolirudisha neno “diskas” alilopewa, na anapomaliza kwa kumrudishia Kevo kauli yake ya benki. Hapa nina msimamo. Vichekesho vya Kenya vimekula sana mtaji wa kucheka matamshi. Mzee Ojwang wa Vitimbi, ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo, na aliifanya kwa ustadi mkubwa uliompendeza taifa zima hadi alipofariki mwaka 2015. Walioiga njia hiyo bila kipaji chake walituachia mabawabu na wafanyakazi wa nyumbani wanaochekwa kwa sababu tu Kiingereza hakikai vizuri ulimini mwao. Kwangu mimi huo ni ucheshi wa uvivu, na tena unamdharau mtazamaji aliyekaa mbele ya runinga akiwa na ulimi huohuo. Keateka wangu anatumia Kiingereza kidogo kuliko Kevo na ndiye anayeshinda.

Kuna jambo jingine la ufundi ambalo mwandishi wa lugha mbili analo na mwandishi wa lugha moja hana. Kicheko hukaa kwenye neno la mwisho. Ukiongeza neno baada ya lile linalochekesha, mwigizaji anaongea huku watu wakianza kucheka, na kicheko kinakatika. Sasa Kiswahili huweka sifa baada ya jina, tunasema “gari bovu”, na Kiingereza huweka sifa kwanza na jina likaja mwisho. Anayechanganya anaweza kuchagua ni neno gani litue mwisho. Hata bila kubadili lugha, mpangilio una uzito. “Si wewe hulipa kwa M-Pesa?” inafanya kazi kwa sababu M-Pesa inamalizia. Ukiandika “Si M-Pesa ndiyo wewe hutumia kulipa kila mwezi?” umeua mstari. Ndiyo maana nikaweka “prosesd” mwisho wa sentensi ya Kevo, ili likumbukwe, na likarudi mwisho kinywani mwa keateka. Kati yake hakuna mistari mingi. Ingekuwa kurasa mbili, yaani kama dakika mbili za onyesho, wengi wangekuwa wamelisahau.

Vipi mtazamaji ambaye hajui Kiingereza? Hili si dogo, maana kipindi hakitazamwi na vijana wa Roysambu peke yao. Kanuni ninayoishika ni kwamba habari inayobeba hadithi iwe katika lugha ya wote. Kodi, mwezi jana, benki, M-Pesa, ploti ya baba, siku mbili: vyote vimo katika maneno ambayo bibi yangu angeyaelewa. Kiingereza cha Kevo kinaweza kumpita mtu maneno yote, na bado akaelewa kwamba kijana anajikweza, kwa sababu sauti na mwili wa mwigizaji vinasema. Jaribio lake ni rahisi. Funika mistari ya Kiingereza kwa karatasi, usome iliyobaki. Hadithi ikipotea, umeweka mzigo mahali pasipofaa.

Kisheng ni hatari ya aina nyingine, kwa kuwa kinazeeka upesi. Maneno yaliyotamba mwaka ule ulipoandika mswada huenda yakawa ya wazee siku kipindi kinaporushwa, na kila mtaa una yake. Mimi hutumia machache, yale yaliyokwisha kudumu kama “keja” na “msee”, na kuacha muundo wa sentensi ufanye kazi ya kuonyesha ujana. Muundo haubadiliki haraka hivyo.

Wala usidhani tukio hili litahamia Dar es Salaam kama lilivyo. Kule shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, na vijana huchanganya kwa kiasi kidogo zaidi. Neno moja moja la Kiingereza hupita, lakini sentensi nzima ya Kiingereza mlangoni mbele ya mwenye nyumba ni tukio kubwa. Kevo wa Sinza angejikweza kwa njia nyingine, pengine kwa Kiswahili cha kiofisi, “malipo yapo kwenye mchakato”, na mswada wote ungebidi uandikwe upya kuanzia hapo.

Ukimaliza rasimu yako, usiisome mwenyewe. Wape vijana wawili wa rika la wahusika wako, waisome kwa sauti bila mazoezi, nawe ushike kalamu. Pale mmoja atakapobadilisha neno bila kujua kwamba amelibadilisha, futa la kwako na uandike la kwake.